Mashindano ya Maulizo ya Historia: Namna ya Kuyapanga na Kuyahesabu kwa Haki

Waseminari wengi wanajua miaka kama wanavyojua litania. Ukitaja 1491, wanaitikia: ubatizo wa Mfalme Nzinga a Nkuwu. Ukitaja 1908, wanaitikia: Kongo ilikuwa koloni ya Ubelgiji. Lakini ukiwauliza ni kwa nini Ubelgiji uliichukua Kongo mwaka ule, au ni nini kilichofuata, wengi wananyamaza na kutazama chini. Basi, kabla ya mtihani walimu wengi wanapenda kurudilia masomo kwa mashindano ya makundi, na wanafanya vema. Shida ni kwamba mara nyingi mashindano yenyewe yanapangwa ovyo. Maulizo yote ni ya miaka na majina, kundi moja linapata maulizo mepesi na lingine magumu, na mwisho makundi mawili yakilingana mwalimu anarusha sarafu. Hapo vijana wanatoka na hasira, wala hawakumbuki tena historia. Wanakumbuka tu kwamba wameonewa.

Katika kurasa hizi twataka kueleza namna moja ya kuyapanga ambayo tumeiona kuwa ya haki. Ina vipindi vitatu, yachukua kama dakika 45, na haihitaji kitu zaidi ya karatasi, chaki, saa na bahasha chache. Tutachukua habari za Kongo, toka ufalme wa zamani mpaka uhuru, kwa sababu ndizo zinazofundishwa kwetu.

Kwanza makundi. Haifai kabisa kuwagawa wanafunzi kwa jimbo wanakotoka, wala kuwaacha wachaguane wenyewe, maana watachaguana kwa lugha ya nyumbani. Kundi la watu wa kabila moja likishindwa, mashindano yanageuka kuwa jambo lingine, na hasa tunapouliza habari kama kujitenga kwa Katanga, ambako wengine walifiwa na wazee wao. Tuseme darasa lina wanafunzi 12. Mwalimu achukue alama za mtihani uliopita, awapange kimya kimya toka wa kwanza mpaka wa kumi na wawili, bila kuwaonyesha orodha ile. Halafu awagawe kwa kwenda na kurudi kama nyoka: wa 1 kundi la kwanza, wa 2 kundi la pili, wa 3 kundi la tatu, kisha anarudi, wa 4 tena kundi la tatu, wa 5 la pili, wa 6 la kwanza, na hivi mpaka mwisho. Kundi la kwanza litakuwa na wa 1, 6, 7 na 12; la pili wa 2, 5, 8 na 11; la tatu wa 3, 4, 9 na 10. Ukijumlisha namba hizo, kila kundi lina 26. Nguvu zimelingana kadiri inavyowezekana. Ukiona watatu wa kijiji kimoja wameangukia kundi moja, badilisha mmoja na jirani yake wa orodha, kwa mfano wa 6 na wa 5, na mizani haitapotoka sana.

Makundi yapewe majina. Sisi twapenda majina ya misioni za kale za ziwa Tanganyika: Mpala, Kibanga, Kirungu. Kila kundi lina kiongozi mmoja, na ni yeye tu anayesema au kuandika jibu la mwisho. Mwenzake akipiga kelele jibu toka nyuma, halihesabiwi, liwe la kweli au la uongo.

Wanaohitajika mbele ni watatu: mwamuzi, mtunza saa, na mwandishi wa alama ubaoni. Mwamuzi asiwe mwenye kutunga maulizo palepale kichwani. Maulizo yote na majibu yote yanayokubaliwa yaandikwe siku iliyotangulia. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo, na mwalimu anayeikimbia atailipa mbele ya darasa.

Kipindi cha kwanza ni maulizo mafupi kumi, kila moja alama 1. Makundi yote yanapokea ulizo lilelile kwa wakati mmoja na kuandika jibu katika sekunde 30. Twasisitiza neno hili: lilelile, wakati mmoja, kwa kuandika. Wako walimu wanaopenda ulizo la mkono: anayeinua wa kwanza ndiye anayejibu. Ni jambo la kuchekesha, lakini lapima wepesi wa mkono, na mwamuzi hawezi kamwe kuona sawasawa mikono mitatu inayoinuliwa pamoja. Kila mara kutakuwa na ugomvi.

Katika maulizo kumi, yasizidi matatu yanayodai mwaka. Mengine yaulize watu, mahali na matendo: ni nahodha gani Mreno aliyefika kwenye mlango wa mto Kongo, jina la kikristu la Mvemba a Nzinga ni lipi, ni mfalme gani wa Kongo aliyeuawa katika vita ya Mbwila. Tena majibu yakubali jina la zamani na jina la leo. Anayeandika Afonso na anayeandika Mvemba a Nzinga wote wamemtaja mtu yuleyule. Anayeandika Leopoldville na anayeandika Kinshasa wapate alama sawa, kwa maana mji ulibadilishwa jina mwaka 1966, wala haikosi haki anayeuita kama ulivyoitwa wakati wa tukio.

Kuna mtego mmoja hapa. Vitabu havipatani katika miaka yote. Kufika kwa Diogo Cão vingine vyaandika 1482, vingine 1483. Kuanza kutawala kwa Afonso vingine vyasema 1506, vingine 1509. Ukiuliza mwaka wa namna hiyo, mwanafunzi aliyesoma kitabu kingine atakuwa na haki ya kukulalamikia, na utakatisha mashindano kwa kutafuta kitabu katika maktaba. Basi, ama andika katika karatasi yako kwamba miaka yote miwili yapokelewa, ama usiuulize kabisa. Uliza ile ambayo ni imara: vita ya Mbwila, tarehe 29 Oktoba 1665, kufunguliwa kwa Mkutano wa Berlin, tarehe 15 Novemba 1884, uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Tena jibu la uongo lisiondoe alama. Twajua kwamba wengine wanaondoa moja kwa kila kosa, wakisema yazuia kubahatisha. Lakini kijana wa mwaka wa kwanza, mwenye haya, akiona kwamba neno lake laweza kuwapotezea wenzake alama, atafunga mdomo mpaka mwisho, na sisi twataka afungue mdomo ili tujue asichojua.

Kipindi cha pili ndicho kiini cha mambo. Hapa ndipo tunapoacha litania na kuuliza sababu. Kila ulizo lina alama 3, na alama hizo zimegawanywa mbele: moja kwa tukio lenyewe, yaani nani, wapi na lini kwa kadiri ya kutosha, moja kwa sababu, moja kwa matokeo. Kundi linashauriana dakika 1, kisha kiongozi anajibu katika dakika 1.

Tuchukue ulizo hili: Elezeni Mkutano wa Berlin. Kwa tukio, mwamuzi anatazamia kusikia kwamba mataifa ya Ulaya pamoja na mengine yaliitwa Berlin na Bismarck, toka Novemba 1884 mpaka Februari 1885. Kwa sababu, anatazamia kusikia mashindano ya mataifa juu ya mlango wa mto Kongo na juu ya biashara ya bonde lake. Kwa matokeo, atakubali moja katika mawili: sheria za biashara huru katika bonde la Kongo na za kutwaa nchi za pwani, au kwamba katika siku zile chama cha Mfalme Leopold wa Pili kilikubaliwa na mataifa, na mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ikazaliwa.

Lakini angalia: vijana wengi watajibu kwamba pale Berlin wakubwa walikaa mbele ya karata ya Afrika wakaikata yote kwa mstari kama keki. Ndivyo wanavyosikia kila mahali. Si kweli. Mipaka mingi ilikatwa kwa mapatano ya mataifa mawili mawili, mingine kabla ya mkutano na mingi baada yake, kwa muda wa miaka mingi. Mwamuzi aamue kabla ya siku ile kama atalikubali jibu hilo au hatalikubali. Sisi hatulikubali, na twaeleza sababu palepale kwa maneno mawili, maana kosa hilo lisiposahihishwa mbele ya wote litarudi katika mtihani. Hii ndiyo faida kubwa ya kugawanya alama mapema: mwamuzi hapimi jibu kwa kupendezwa nalo, wala kwa ufundi wa kiongozi wa kusema, anatazama karatasi na kuhesabu vipande vitatu.

Ulizo lingine la namna hiyo: Kwa nini Kongo ilikuwa koloni ya Ubelgiji mwaka 1908? Tukio: tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji uliipokea nchi toka mikono ya Leopold. Sababu: maovu ya kulazimisha watu kuchuma mpira wa pori, yaliyofunuliwa na watu kama Morel, na kwa ripoti ya konsuli Casement ya mwaka 1904, mpaka fedheha ikawa kubwa katika Ulaya. Matokeo: utawala wa mtu mmoja ulikoma, serikali na baraza la Ubelgiji vikaanza kuwajibika. Na ulizo la tatu: Elezeni fujo ya Leopoldville ya tarehe 4 Januari 1959. Sababu iliyo karibu: mkutano wa chama cha Abako uliozuiliwa. Matokeo: tarehe 13 Januari, siku tisa tu baadaye, Mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itaongozwa kwenye uhuru.

Maulizo haya matatu yana uzito unaofanana, nayo yametiwa katika bahasha tatu zisizo na alama ya nje. Kila kundi linachagua moja. Bila hivyo, kundi likishindwa litasema: «Mwalimu alitupa gumu kwa kusudi.» Bahasha inamwokoa mwalimu.

Sasa, kundi lisipotimiza vipande vyote, kilichobaki kinapita kwa kundi jirani, na kila kipande kinalipa alama 1. Kipande kilichokwisha kujibiwa hakipiti. Hapa kuna udhalimu mdogo ambao wengi hawauoni. Kama kila mara ulizo linapita upande wa kuume, kundi linaloketi kuumeni kwa kundi dhaifu linavuna lisipolima. Litaokota makombo siku nzima, na lile linaloketi kuumeni kwa kundi hodari halitaokota kitu. Dawa yake ni rahisi. Yawepo mizunguko miwili, yaani maulizo sita, mawili kwa kila kundi. Katika mzunguko wa kwanza makombo yanapita kuume, katika wa pili yanapita kushoto. Hivi kila kundi limepokea mara moja toka kwa kila mwenziwe. Kama makundi ni manne, itakupasa mizunguko mitatu: kwanza kwa jirani wa kwanza, kisha kwa wa pili, kisha kwa wa tatu.

Kipindi cha tatu ni kupanga matukio. Kila kundi linapewa karatasi ndogo tano, kila moja ina tukio bila mwaka, nao wazipange toka la kale mpaka la karibuni katika dakika 4, wakiandika orodha na kumpa mwamuzi. Alama zote ni 10. Twakiweka mwisho kwa makusudi: makundi yote yanaandika pamoja, na hivi hakuna linalojibu huku likijua tayari linahitaji alama ngapi ili kushinda.

Tuchukue matukio haya, kwa utaratibu wake wa kweli: 1, Kongo inakuwa koloni ya Ubelgiji (1908), 2, kifo cha Isidore Bakanja (1909), 3, Stefano Kaoze anapewa upadri, wa kwanza katika wazalendo wa Kongo ya Wabelgiji (1917), 4, Simon Kimbangu anaanza kuhubiri Nkamba (1921), 5, Chuo Kikuu cha Lovanium kinafunguliwa (1954).

Je, tuhesabu namna gani? Walimu wengi wanatoa alama kwa kila tukio lililo mahali pake. Inaonekana kuwa haki, lakini sivyo. Tazama. Kundi moja linaandika 4, 1, 2, 3, 5. Limekosa jambo moja tu: limemweka Kimbangu mbele ya wote, mengine yote yanafuatana sawasawa. Lakini kwa kuwa Kimbangu amekaa mbele, amewasukuma wengine watatu, kila mmoja ameondoka mahali pake. Kwa hesabu ya mahali, kundi hilo lina moja tu ya kweli, ile ya 5. Kundi lingine linaandika 5, 4, 3, 2, 1, yaani limegeuza historia yote juu chini. Nalo kwa hesabu ya mahali lina moja ya kweli, maana 3 imebaki katikati! Mjuzi na asiyejua kitu wamepata sawa.

Basi tuhesabu kwa jozi. Matukio matano yanafanya jozi kumi: la 1 na la 2, la 1 na la 3, na kadhalika. Kwa kila jozi ambayo lililotangulia limewekwa mbele, kundi linapata alama 1. Wala si lazima kuandika jozi zote kumi. Mwamuzi aandike namba za kundi kwa mfuatano wao, kisha kwa kila namba ahesabu ni namba ngapi zilizo ndogo kuliko hiyo zinazokuja nyuma yake. Katika 4, 1, 2, 3, 5, nyuma ya 4 ziko tatu zilizo ndogo: 1, 2 na 3. Nyuma ya 1 hakuna. Nyuma ya 2 hakuna. Nyuma ya 3 hakuna. Makosa ni 3. Toa katika 10, zinabaki 7. Kwa yule aliyegeuza yote, nyuma ya 5 ziko nne, nyuma ya 4 tatu, nyuma ya 3 mbili, nyuma ya 2 moja: makosa 10, alama 0. Sasa haki imeonekana.

Jambo moja lisisahauliwe: anayepanga kwa kubahatisha tu, kwa kawaida atapata karibu na 5, kwa kuwa kila jozi ina njia mbili tu. Kwa hiyo alama 5 katika kipindi hiki si nusu ya elimu. Haiharibu mashindano, maana bahati hiyo ni ya wote, lakini mwalimu asiandike katika daftari lake kwamba darasa lajua nusu.

Tena chagua matukio kwa akili. Ukichanganya mwaka 1491 na 1960, hata mtoto wa darasa la nne atapanga. Ukiweka mawili ya mwaka mmoja, umeuliza juu ya miezi. Hapa juu 1908 na 1909 zimekaribiana kwa makusudi, mengine yana nafasi ya kutosha.

Sasa tufuate siku moja ya mashindano toka mwanzo mpaka mwisho. Katika kipindi cha kwanza Mpala wamepata 7, Kibanga 8, Kirungu 6. Katika mzunguko wa kwanza wa kipindi cha pili, Mpala wanavuta bahasha ya Berlin. Wanapata 2, lakini kwa matokeo wanasema habari ya karata iliyokatwa, nayo imekataliwa. Kipande kinapita kwa Kibanga, wanaotaja Dola Huru ya Leopold: alama 1. Kibanga wenyewe wanajibu lote la 1908: alama 3. Kirungu wanapata 2 kwa fujo ya 1959, wamesahau tangazo la Mfalme. Mpala wanalikumbuka: alama 1. Katika mzunguko wa pili Mpala wanapata 3; Kibanga wanapata 1 tu, na katika vipande viwili vilivyobaki, ambavyo sasa vinapita kushoto, Mpala wanaokota kimoja; Kirungu wanapata 3. Jumla ya kipindi cha pili: Mpala 7, Kibanga 5, Kirungu 5. Katika kupanga matukio, Mpala wameandika 4, 1, 2, 3, 5, yaani 7. Kibanga wameandika 2, 1, 3, 5, 4, yenye makosa mawili, yaani 8. Kirungu wameandika 1, 2, 4, 3, 5, kosa moja, yaani 9. Mwandishi anajumlisha: Mpala 21, Kibanga 21, Kirungu 20.

Makundi mawili yamelingana. Hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri ya dakika 45. Sarafu haipimi historia. Kuuliza kundi moja ulizo moja, na likikosa kuuliza lingine, si haki pia, maana anayefuata anajua tayari kama anahitaji kujibu au la, na ulizo lake laweza kuwa jepesi. Wengine wanatazama ni nani aliyepata zaidi katika kipindi cha pili. Njia hiyo si mbaya kama imetangazwa mapema na saa imekwisha, lakini inahesabu alama zilezile mara mbili, na baadhi ya alama zile ni makombo yaliyotegemea udhaifu wa jirani.

Sisi twatumia ulizo la kuamua, lenye jibu la hesabu, ambalo hakuna aliyelikariri: Toka ubatizo wa Mfalme Nzinga a Nkuwu mpaka upadri wa Stefano Kaoze ilipita miaka mingapi? Kila kundi linaandika hesabu moja kwa siri katika dakika 1, karatasi zinakunjwa, na mwamuzi anazifungua zote mbili pamoja mbele ya wote. Anayekaribia zaidi ameshinda, awe juu au chini ya jibu. Jibu ni 426, toka 1491 mpaka 1917. Mpala wameandika 410, wako mbali kwa 16. Kibanga wameandika 440, wako mbali kwa 14. Kibanga wameshinda, na hakuna wa kunung'unika, maana wote wawili wamejibu jambo moja, wakati mmoja, bila kusikia jibu la mwenzake. Tena aliyejua miaka miwili ile na kutoa vizuri angepata 426 kamili. Bahati imebaki kwa wasiojua tu.

Ulizo la namna hii lichaguliwe kwa uangalifu. Ukiuliza Kongo ilikuwa koloni ya Ubelgiji miaka mingapi, kuna majibu mawili. Anayetoa 1908 katika 1960 anapata 52. Anayehesabu toka Novemba 1908 mpaka Juni 1960 anapata miaka 51 iliyotimia. Ile ya Kaoze haina shida hiyo, kwani Nzinga a Nkuwu alibatizwa tarehe 3 Mei na Kaoze akapewa upadri tarehe 21 Julai. Kwa hesabu yoyote ni 426. Hata hivyo mwamuzi atangaze mbele: tunatoa mwaka katika mwaka, miezi hatuihesabu.

Na kama mmoja ameandika 412 na mwingine 440? Wote wako mbali kwa 14. Kanuni ya kusema aliye chini ashinde haina sababu yoyote. Afadhali kuwa na bahasha ya pili yenye ulizo jingine la aina hiyo, na ya tatu. Zaidi ya tatu tusiende. Wakilingana bado, ushindi ni wao wote wawili, na mwandishi aandike hivyo.

Malalamiko yanapokelewa toka kwa kiongozi wa kundi tu, kabla ya ulizo linalofuata kusomwa, kitabu cha darasa kikiwa mezani. Baadaye mlango umefungwa. Mwamuzi akiona kwamba karatasi yake ndiyo yenye kosa, anafuta ulizo lile kwa makundi yote, wala hampi alama yule aliyelalamika peke yake, maana wengine huenda waliliacha jibu la kweli kwa kuogopa.

Kwa makatekista wenye wanafunzi wasioandika vizuri, kipindi cha pili kinaweza kubaki kama kilivyo, kwani ni cha kusema. Kwa kipindi cha kwanza, kiongozi aje kumnong'oneza mwamuzi jibu, mmoja mmoja. Kwa kupanga matukio, picha tano zilizochorwa kwa makaa juu ya mbao ndogo zatosha, na kwa ulizo la kuamua kila kundi lihesabu punje za mahindi ndani ya kikombe kilichofunikwa. Lakini hapo chagua jibu dogo. Toka upadri wa Kaoze mpaka uhuru ni miaka 43. Punje 43 zinahesabika haraka, punje 426 zitawachukua mpaka magaribi.